Shikamoo Mwalimu, Naomba Barua

“Mpendwa Mhadhiri, natumaini barua pepe hii inakukuta vizuri. Ninaandika kuuliza kama ungejisikia vizuri kuniandikia barua ya marejeo yenye nguvu. Kama huwezi, nitaelewa kabisa. Tafadhali itume kabla ya saa 11:59 usiku, tarehe 15 Desemba. Asante kwa kulizingatia ombi langu.”

Hakuna tusi hapo, na sarufi yake ingepita kwenye mtihani. Lakini profesa wa Kiswahili aliyezeekea darasani akiipokea barua hii atajisikia kama mtu aliyeingiliwa ofisini bila hodi, na mgeni akavuta kiti kabla ya kukaribishwa. Ajabu ni kwamba barua ya Kiingereza iliyozaa tafsiri hii ina adabu tele. Kila sentensi yake imevukishwa kwa uaminifu, neno kwa neno. Adabu ndiyo haikuvuka.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari aliyeko Singida. Alisomea shahada ya umahiri ya Kiswahili Dar es Salaam, akamaliza mwaka 2021 kwa tasnifu kuhusu ngano za Wanyaturu. Sasa anataka kuomba nafasi ya uzamivu katika chuo cha Marekani, na chuo kinataka barua tatu za walimu wanaoijua kazi yake. Fomu iko kwa Kiingereza, maelekezo yako kwa Kiingereza, na sampuli za barua za kuomba alizozikuta mtandaoni ni za Kiingereza pia. Kwa hiyo ombi lenyewe analifikiri kwa Kiingereza, kisha anakaa chini kulitafsiri.

Angesoma uhandisi au biashara angeliacha kwa Kiingereza yakaisha, maana vyuo vikuu vyetu hufundisha masomo mengi kwa lugha hiyo. Kwenye idara za Kiswahili mambo ni mengine. Huko tasnifu huandikwa na kutetewa kwa Kiswahili, na mwanafunzi anayemwandikia msimamizi wake wa zamani kwa Kiingereza huonekana ama amejisahau au anajionyesha. Hana budi kutafsiri.

Wanaosomea tafsiri hufundishwa mapema tofauti kati ya tafsiri sisisi, inayoshikilia maana za msingi za maneno ya matini chanzi, na tafsiri ya mawasiliano, inayomjali msomaji na namna atakavyoipokea. Hermas Mwansoko aliyaeleza hayo kwa Kiswahili katika kitabu chake cha mwaka 1996, Kitangulizi cha Tafsiri. Barua ya ombi ni mfano bora wa matini isiyovumilia tafsiri sisisi, kwa sababu kipimo chake ni kimoja tu: aliyeombwa amekubali kwa moyo mweupe, amekubali kwa shingo upande, au amenyamaza.

Heshima kwa Kiingereza hujengwa kwa kulinda uhuru wa anayeombwa. Unauliza badala ya kuomba moja kwa moja. Kitenzi unakisogeza mbali, “ungeweza” badala ya “unaweza”, ili ombi lisimbane. Kisha unamwachia mlango wa kutokea. Wanaisimu Penelope Brown na Stephen Levinson, katika kitabu chao cha mwaka 1987 kuhusu adabu katika lugha, waliziweka mbinu za aina hii katika kundi moja: za kumpa mtu nafasi asijione ameshikwa. Kiswahili nacho kinazo mbinu hizo, ila hakianzii hapo. Kinaanza kwa kumtambua mtu: yeye ni nani, wewe ni nani kwake, na mmetoka wapi pamoja. Hayo yakishawekwa sawa, ombi linaweza kusemwa waziwazi bila kuzungusha, na likawa na heshima kuliko sentensi ndefu yenye “ngeli” na “ngali” za kila aina. Kwa hiyo anayetafsiri asihangaike kuihamisha heshima kutoka kitenzi hadi kitenzi. Mara nyingi itabidi aitoe kwenye kitenzi aiweke kwenye mpangilio wa barua, kwenye cheo, na kwenye uamuzi wa nani atasimama kama kiima cha sentensi.

Twende kwenye barua yenyewe, tukianzia juu.

“Mpendwa” limezoeleka makanisani na kwenye matangazo ya kampuni za simu. Kumwandikia mwalimu wako hivyo hakumkasirishi, ila hakumgusi. “Mhadhiri” ndilo baya zaidi. Hilo ni jina la ajira, kama karani au mhasibu, hakuna anayemsimamisha mtu koridoni akisema “samahani, Mhadhiri.” Watu husema Profesa, Daktari au Mwalimu. Na hili la mwisho lisidharauliwe. Kwa Tanzania, nchi ambayo rais wake wa kwanza alijulikana kwa neno hilo hadi kaburini, “Mwalimu” halishushi cheo cha mtu. Linafaa sana katikati ya barua, mahali unapotaka kusogea karibu, baada ya cheo rasmi kuwa kimetajwa juu.

Cheo chenyewe kichunguzwe. Mtu uliyemwacha mhadhiri mwandamizi mwaka 2021 anaweza kuwa profesa mshiriki leo, na profesa mshiriki huitwa Profesa, basi. Kumwandikia “Dkt.” aliyepanda miaka miwili iliyopita ni kumwambia kwamba hukujishughulisha hata kufungua tovuti ya idara. Kosa la upande wa pili, la kumwita Profesa ambaye bado ni Daktari, linasameheka, ingawa wapo wanaolichukulia kama kejeli. Aliyestaafu habadiliki: ni Profesa vilevile, na neno “mstaafu” halina kazi kwenye salamu. Ila kwa mstaafu hakikisha anwani ya barua pepe ya chuo bado inafanya kazi. Ombi zuri lililotumwa kwenye sanduku lililofungwa halijaombwa.

“Mheshimiwa” tuwaachie wabunge, mawaziri na majaji. Vijana wengi hulikimbilia wakidhani linaongeza uzito, na wengine huongeza “sana” mbele yake. Mwalimu akiliona hujiuliza anasifiwa ili atoe nini.

Kisha salamu. “Natumaini barua pepe hii inakukuta vizuri” ni sentensi ya Kiingereza iliyovaa kanzu. Barua ndiyo inayotembea na kukuta watu. Kiswahili kinamsalimia mtu: “Shikamoo Profesa. Habari za siku nyingi? Natumaini u mzima wa afya.” Maneno haya yamechakaa kwa kutumika, na ndiyo maana yanafaa. Salamu haitafuti uvumbuzi. Waswahili wana historia ndefu ya kulipa sehemu hii ya barua uzito wake. Mjerumani Carl Büttner alichapisha mwaka 1892 mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, zikiwemo barua nyingi. Katika barua za namna hiyo anayeandikiwa hutajwa kwa sifa na kuombewa afya kwanza, kisha linakuja neno “wabaadu”, yaani baada ya hayo, na hapo ndipo shida inapoelezwa. Leo hatuandiki “wabaadu”, lakini msomaji wa Kiswahili bado anaingoja ile hatua. Ombi likija kwenye mstari wa pili, linaonekana limetangulia zamu.

Shikamoo ina masharti yake. Inamfaa mtu aliyekuzidi umri kwa kiasi cha kuonekana, na mwalimu wa chuo kikuu huwa hivyo mara nyingi, lakini si mara zote. Walimu wengi wa shule hurudi chuoni wakiwa na miaka arobaini na kitu, wakakuta aliyewasimamia ana thelathini na tano. Mwenye ndevu nyeupe akimwandikia kijana shikamoo atamtia aibu. Hapo heshima yote ihamie kwenye cheo: “Habari za kazi, Daktari.” Jambo la kuepuka kwa kila hali ni “hujambo” peke yake kwa mkubwa, angalau Tanzania na pwani, ambako mkubwa ndiye humwambia mdogo hivyo. Msomi wa bara ya Kenya, aliyekua akimwamkia mwalimu wake kwa “hujambo” na kusifiwa kwa adabu, anapomwandikia profesa wa Dar es Salaam au Zanzibar akumbuke kwamba huko neno lina uzani mwingine. Majina nayo hutofautiana. Bara tunataja cheo na jina la ukoo. Zanzibar na pwani ni kawaida kabisa kusema Dokta na jina lake la kwanza, na atakayeng’ang’ania jina la babu atasikika kama anasoma hati ya mashtaka. Kanuni rahisi: mwite kama wanafunzi walivyokuwa wakimwita mbele yake. Walivyomwita nyuma yake ni habari nyingine.

Sasa kiini, lile ombi. Rasimu inasema “kuuliza kama ungejisikia vizuri kuniandikia barua ya marejeo yenye nguvu.” Hapa pana matatizo matatu katika mstari mmoja, na kila moja lina sababu yake.

La kwanza ni kujisikia vizuri. Kwa Kiswahili anayejisikia vizuri ni mtu aliyepona malaria. Lakini usilifute tu, maana kwenye barua ya Kiingereza lina kazi. Vyuo vya Marekani hupima barua hizi kwa ukali, na barua vuguvugu humdhuru mwombaji kuliko kukosa barua. Ndiyo maana mwanafunzi wa Kimarekani hufundishwa kumuuliza mwalimu kama ana mema ya kutosha ya kusema, ili asiye nayo ajitoe mapema. Maana hiyo lazima ivuke, kwa njia nyingine: “Kama unaona nafaa, naomba uniandikie.” Maneno matatu tu yanatosha, kuanzia “kama” hadi koma. Yanampa mwalimu nafasi ya kukataa, na mzigo unabaki kwa mwanafunzi, aliyejiweka mwenyewe kwenye mizani. Mwalimu asiyemwona anafaa anaweza kujibu kwa upole kwamba wapo wanaomjua zaidi, na hakuna aliyevunjiwa uso.

La pili ni kuuliza uwezo. “Je, unaweza kuniandikia barua?” ni ombi la kawaida kabisa kwa rika lako. Kwa profesa, swali la kama anaweza kuandika ukurasa mmoja lina ukakasi, na “ungeweza” hailisafishi. Inaongeza tu shaka. “Naomba” ndicho kitenzi cha kazi. Wanaotafsiri kutoka Kiingereza hukiogopa kwa kudhani ni kikavu, wakakizungushia “ningependa kuomba kama ingewezekana”. Kikavu ni kile kisichotanguliwa na salamu. Baada ya salamu na utambulisho, “naomba uniandikie” ni sentensi safi: kitenzi cha pili kiko katika hali ya dhamira, hakiamrishi, na kile kiambishi “-ni-” pamoja na “-i-” ya kutendea vinaonyesha kwamba barua ni kwa ajili yangu mimi ninayeomba. Linganisha na “tafadhali andika barua”. Neno tafadhali lipo, na bado hiyo ni amri. “Tafadhali” mbele ya kitenzi cha kuamuru ndilo neno la mabango ya ofisini: tafadhali zima simu, tafadhali funga mlango.

La tatu ni jina la barua. “Barua ya marejeo” haieleweki nje ya vichwa vya waliolitafsiri. Wengine huandika “barua ya utambulisho”, na hapo wanapotea kabisa, kwa sababu hiyo ni ile inayotolewa na ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji kuthibitisha kwamba wewe ni mkazi wa mahali fulani. Wengine humwomba mwalimu awe “mdhamini”. Neno hilo linaishi kihalali kwenye wasifu na maombi ya kazi, ambako wadhamini ni watu wa kuulizwa habari zako. Peke yake, kwa mtu asiyetarajia, linanuka mkopo wa benki na dhamana ya mahakamani. Sema “barua ya mapendekezo”, na utaeleweka na kila mwalimu wa chuo.

Kuna jingine dogo ambalo halionekani kwenye rasimu yetu lakini hujitokeza katika nyingi: neno “wewe”. Kiswahili sanifu hakina kiwakilishi maalumu cha heshima kama vile Kifaransa na Kijerumani walivyo nacho. “U-” na “-ku-” hutumika kwa mtoto na kwa mfalme. Lakini “wewe” likisimama peke yake kumwelekea mkubwa, linanyoosha kidole. Sampuli za Kiingereza zinapenda kusema “wewe ndiye mtu sahihi wa kuielezea kazi yangu.” Msemaji mzuri wa Kiswahili huondoa kiwakilishi hicho akaweka cheo, akamzungumzia mwalimu kana kwamba ni mtu wa tatu: “hakuna anayeifahamu kazi hii kama Profesa aliyeisoma sura kwa sura.” Ni mbinu ya mazungumzo ya kila siku, tena ya wakwe na wazee, na kwenye barua inafanya kazi bila kelele. Ukiitumia mara moja au mbili inatosha. Barua nzima ya “Profesa ataona” na “Profesa akipenda” inachosha.

Mlango wa kutokea tumeshaugusa, lakini “kama huwezi, nitaelewa kabisa” inastahili maneno machache, maana ndiyo sentensi inayoumiza zaidi katika rasimu nzima. Kwa Kiingereza ni ukarimu. Kwa Kiswahili, mdogo anayemwambia mkubwa “nitaelewa” amejipa kiti cha hakimu: yeye ndiye atakayepima udhuru wa mwalimu na kuupitisha. Halafu “huwezi” limerudi tena. Afadhali sababu iwekwe nje ya mwalimu, kwenye majukumu na nafasi, na mwanafunzi aombe kitu kidogo zaidi badala ya kutoa msamaha: “Endapo nafasi haitapatikana, naomba unielekeze mwalimu mwingine wa kumfuata.” Mwalimu aliyezidiwa sasa ana namna ya kusaidia bila kuandika barua, na hilo kwa wazee wetu ni jambo kubwa. Kumrudisha mtu mikono mitupu ni vigumu.

Tarehe ya mwisho ina hatari mbili, ya adabu na ya saa. Ya adabu inatatuliwa kwa kubadili kiima. Rasimu inamwambia mwalimu “itume kabla ya”. Barua nzuri inasema “chuo kinapokea barua hadi tarehe 15 Desemba.” Masharti ni ya chuo, na mwanafunzi naye yuko chini yake. Ya saa ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani. Saa 11:59 za Kizungu za usiku ni dakika moja kabla ya saa sita usiku, yaani saa 5:59 usiku kwetu. Aliyenakili tarakimu kama zilivyo amemwandikia Mswahili saa ya alfajiri, muda mfupi kabla ya jua kuchomoza. Juu ya hapo kuna tofauti ya majira. Desemba, Washington iko nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo mfumo wa huko unaofungwa usiku wa manane wa tarehe 15 kwetu unafungwa karibu saa mbili asubuhi, tarehe 16. Kosa la saa hapo halikuui. Chuo cha London kiko nyuma kwa saa tatu tu. Mfumo wao unafungwa saa 8:59 usiku wetu, na mwalimu anayedhani ana muda hadi alfajiri atakuta mlango umefungwa saa tatu zilizopita. Dawa ni kumpa tarehe tu, ukatoa siku moja ya akiba, na kama ni lazima kutaja saa, itaje kwa saa zetu na useme hivyo.

Baada ya yote hayo, barua ya mwalimu wetu wa Singida inaweza kusomeka hivi. Kwenye sehemu ya mada ameandika “Ombi la barua ya mapendekezo”, jina lake kamili kama lilivyokuwa chuoni, na “Umahiri wa Kiswahili 2021”, ili profesa mwenye wanafunzi mamia aweze kuitafuta tena.

“Shikamoo Profesa,

Habari za siku nyingi? Natumaini u mzima na kazi zinaendelea vyema. Mimi ni mwanafunzi wako wa umahiri wa mwaka 2019 hadi 2021. Ulinisimamia tasnifu ya ngano za Wanyaturu. Kwa sasa nafundisha Kiswahili kidato cha tano na sita hapa Singida, na ile njia ya kumrekodi fanani mbele ya hadhira yake, uliyotuhimiza sana, nimeanza kuwafundisha wanafunzi wangu.

Mwalimu, nimekuja na ombi. Naomba nafasi ya kusomea uzamivu katika chuo kimoja cha Marekani, na chuo kinataka barua tatu za mapendekezo. Kwa upande wa utafiti, hakuna anayeifahamu kazi yangu kama Profesa aliyeisoma sura kwa sura. Kama unaona nafaa, naomba uniandikie mojawapo ya barua hizo.

Najua majukumu ni mengi. Endapo nafasi haitapatikana, naomba unielekeze mwalimu mwingine wa kumfuata, nami nitashukuru vilevile.

Chuo kinapokea barua hadi tarehe 14 Desemba. Ukiridhia, nitaingiza jina lako kwenye mfumo wao, nao watakutumia kiungo cha kupakia barua. Nimeambatisha wasifu wangu, matokeo, ikisiri ya tasnifu na maelezo ya utafiti ninaokusudia kuufanya.

Natanguliza shukrani.

Mwanafunzi wako,”

Kisha jina na namba ya simu.

Ni ndefu kuliko rasimu ya Kiingereza, na sehemu kubwa ya nyongeza iko juu, kabla ya ombi. Ile habari ya kumrekodi fanani inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Inamheshimu mwalimu kwa kuonyesha kwamba fundisho lake linaishi, na inamkumbusha jambo mahususi la kuandika, kwa sababu kamati ya Marekani inataka mifano na hairidhiki na “ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu”. “Natanguliza shukrani” nalo limebaki kwa makusudi. Baadhi ya wasemaji wa Kiingereza huona kushukuru mapema ni kumlazimisha mtu. Kwetu ni tamati ya kawaida ya barua ya ombi, na likikosekana barua inaonekana imekatika. “Wako mtiifu” angeweza kulitumia, ila hilo ni la barua za kuomba kazi. “Mwanafunzi wako” linasema ukweli wenyewe.

Angalia pia kile ambacho hakikuongezwa. Hakuna kupiga magoti, hakuna “mimi mdogo wako nisiye na kitu”, hakuna sifa za elimu ya profesa iliyovuka bahari. Anayetafsiri akishajua kwamba Kiswahili kinataka heshima zaidi hupata kishawishi cha kumwaga asali. Profesa huyo ataombwa kumthibitishia mgeni kwamba mwombaji anaweza kusimama peke yake na kutetea hoja. Barua inayotambaa inampa ushahidi wa kinyume.

Lile la “ukiridhia, nitaingiza jina lako” lifuatwe kwa mpangilio huohuo. Mifumo mingi ya maombi hutuma ujumbe kwa mwalimu papo hapo, mara tu mwombaji anapoandika anwani yake. Anayejaza fomu kwanza na kuomba baadaye humfanya profesa apokee agizo la Kiingereza kutoka kwa mashine kabla ya shikamoo. Hakuna tafsiri itakayoliokoa ombi hilo. Fomu za Marekani pia huuliza kama mwombaji anaachia haki yake ya kuisoma barua, haki inayotokana na sheria yao ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi. Wengi hukubali kuiachia ili kamati iiamini barua. Kwa hiyo usimwombe mwalimu nakala. Hapa kwetu ilikuwa bahasha iliyofungwa na mhuri juu ya gundi, nia ni ileile.

Wapo walimu watakaojibu, “Marahaba. Andika rasimu uniletee.” Ni jambo la kawaida kuliko vyuo vya nje vinavyofikiri. Mwanafunzi akipata jibu hilo, njia ya staha ni kumpelekea orodha ya mambo aliyoyafanya, tarehe na alama, na kuiacha hukumu kwa mwalimu. Kujisifu mwenyewe kwa sauti ya profesa wako, tena kwa Kiingereza cha kuazima, huonekana mbali.

Wiki mbili zikipita kimya, utataka kumkumbusha. Kiingereza kina “ukumbusho wa upole”, na nimeiona ikitafsiriwa hivyohivyo kwenye barua kwa wazee wa watu. Kumkumbusha mkubwa ni kumwambia amesahau, na upole ulioutangaza mwenyewe haupunguzi kitu. Rudi kama mtu anayepita tena mlangoni: “Shikamoo Profesa. Nimerudi kwenye ombi langu la tarehe 3 Novemba. Kama kuna taarifa inayopungua kwangu, naomba uniambie niilete.” Upungufu umeuweka kwako, na mwalimu anaweza kujibu kwa kuituma barua palepale bila kueleza alikuwa wapi. Kama mlikuwa mkiwasiliana kwa WhatsApp, ujumbe huu unafaa huko kuliko kwenye barua pepe, mradi ombi la kwanza lilienda kwa barua. Usipige simu usiku.

Majibu ya chuo yakitoka, mwalimu ajulishwe, hata kama umekosa. Hapo hakuna cha kutafsiri. Mistari mitatu inatosha: salamu, matokeo, shukrani. Kisha umwambie unakusudia nini mwaka unaofuata, kwa sababu akikubali kuandika tena, atafungua faili lilelile na kubadilisha tarehe.